Kuitafuta "Siku Moja"

Mganaji wa ngano akishaitikiwa "Pakawa!" hakai usiku kucha akieleza ukoo wa mfalme. Humtaja mfalme, mkewe na wana wao saba, kisha husema "siku moja", na watoto waliokuwa wakisukumana mkekani hutulia. Mwandishi wa riwaya ndiye hujisahau. Ametumia miaka miwili kuibuni nchi yake, sasa anataka msomaji aijue yote kabla mhusika hajafungua mlango: vita vya mababu, sheria za mirathi, majina ya mito. "Siku moja" yake iko ukurasa wa kumi na tano, na wasomaji wengi hawafiki huko.

Hata Ernest Hemingway alikwama hapo. Mswada wa riwaya yake *The Sun Also Rises* ulianza kwa kueleza maisha ya nyuma ya Brett Ashley na mchumba wake, Mike Campbell. Katikati ya mwaka 1926, kusini mwa Ufaransa, F. Scott Fitzgerald aliusoma, akamwandikia rafiki yake barua ndefu akiulaumu mwanzo huo na kumshauri aupunguze. Hemingway alikwenda mbali zaidi: aliziondoa kurasa zote za mwanzo, kama kumi na tano hivi.

Kitabu kilipotoka Oktoba mwaka huohuo, kilifunguka kwa Robert Cohn, aliyekuwa bondia chuoni Princeton. Hizo nazo ni habari za zamani, ila ni fupi, na ndani yake mtu anapigwa mpaka pua inabonyea.

Na habari za Brett je? Msomaji anazisubiri hadi sura ya tano. Hapo Cohn, ambaye tayari moyo umemwenda, anamuuliza msimulizi mwanamke yule ni nani. Anajibiwa kwamba ni mlevi, anadai talaka, ataolewa na Campbell, na wakati wa vita alikuwa muuguzi. Cohn hapendi anachosikia. Mazungumzo yanachacha mpaka anainuka kitini kwa hasira. Habari zilezile zilizolala kama orodha sasa zina mtu anayezitamani na zinamuumiza akizipata.

Ufundi wenyewe hauhitaji vifaa vingi. Sura huchapwa kwenye karatasi, zikachukuliwa kalamu mbili. Nyekundu hupigia mstari kila tendo linalotokea sasa hivi katika hadithi. Bluu hupigia maelezo ya zamani na ya mazingira. Kurasa tatu za bluu tupu zikifuatana, ugonjwa umeonekana. Mstari mwekundu wa kwanza ndipo sura ianzie, walau kwa majaribio.

Chukua mfano wa kubuni. Mswada unafungua kwa kurasa tatu za kisiwa kilichopinduliwa: mfalme wa zamani alivyouawa, jeshi lilivyoshika bandari, sarafu ilivyobadilishwa, kodi ya chumvi ilivyopanda. Ukurasa wa nne ndipo Mwanaisha anaposhusha vikapu vyake vya chumvi langoni. Fundi anaanza na vikapu hivyo:

"Askari aliigeuza sarafu, akamtazama Mwanaisha. 'Hii ina uso wa marehemu.' Akaitupa baharini. 'Mbili mpya, au chumvi ibaki hapa.'"

Mapinduzi yamo, kodi imo, woga umo. Kifo cha mfalme na jeshi bandarini havikuhitaji aya zao. Kila kipande cha bluu kilichobaki huulizwa swali moja: msomaji asipokijua sasa, atashindwa kuelewa tukio lililo mbele yake? Kama hatashindwa, kinasogezwa hadi pale ukosefu wake utakapomkera. Kisichopata pa kukaa kinarudi kwenye daftari la mwandishi.

Mitego ipo miwili. Wa kwanza ni kuyahamishia maelezo vinywani mwa wahusika: "Kama ujuavyo, kaka, baba yetu alitawala miaka thelathini." Ndugu hawaambiani wanayoyajua wote. Wa pili ni kukata mpaka mfupani, hadithi ikaanza na mbio na milio ya risasi huku msomaji hajui anayekimbia ni nani wala anaacha nini nyuma. Wasomaji wawili wakiuliza swali lilelile, sentensi moja ya bluu irudishwe.

Fitzgerald alilijua jeraha la Hemingway kwa sababu lilikuwa lake pia. Mwaka 1924 mhariri wake, Maxwell Perkins, alimshauri asiurundike wasifu wa Gatsby, mhusika mkuu wa riwaya yake, mahali pamoja bali autoe kidogokidogo, naye akaupanga upya kabla kitabu hakijatoka mwaka 1925. Mwenye mswada mezani na aufungue leo, atie alama kwenye "siku moja" yake ya kwanza, kisha ahesabu kurasa zilizoitangulia.