Kabla ya Kubadilishana Malkia, Tazama Ngome Itasimama Wapi

Jumamosi iliyopita klabuni watu walimpigia makofi kijana aliyekuwa mbele kwa kitunda kimoja na kukimbilia kubadilishana malkia. “Amecheza kikubwa,” walisema. Hatua thelathini baadaye mchezo uliisha sare, na hakuna aliyeuliza ushindi ulipotelea wapi. Ulipotelea pale pale kwenye makofi.

Kanuni kwamba aliye mbele abadilishe kete nimeifundisha mwenyewe, na ni ya kweli. Lakini ni nusu ya maneno. Vikibaki wafalme na vitunda tu, badilisha mara moja, hasa kitunda chako cha ziada kikiwa mbali upande wa malkia: mfalme wa adui atakwenda kukikamata, na wako atakula vilivyobaki huku. Ikibaki ngome moja kila upande na vitunda vyote viko upande mmoja, vinne kwa vitatu, kuna hatari kubwa ya sare. Kweli Capablanca alimshinda Yates katika hali hiyo huko Hastings, majira ya 1930/31, lakini wewe si Capablanca, na mpinzani anayejua kusukuma kitunda chake hadi h5 kwa wakati hatakupa nafasi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mwanafunzi halioni kamwe. Yeye huuliza kama abadilishe au asibadilishe. Fundi huuliza wabadilishane kwenye mraba gani.

Panga ubao. Weupe: mfalme g1, malkia d2, ngome d1, vitunda a3, b4, f2, g3, h2. Weusi: mfalme g8, malkia f3, ngome e8, vitunda b5, f7, g7, h7. Weupe wana kitunda kimoja zaidi, na ni zamu yao. Malkia mweusi anakitolea macho kitunda cha a3. Mwanafunzi atacheza malkia d3: amekinga a3 na ameomba kubadilishana, basi ameridhika. Weusi wakila, ngome inakula na kubaki d3, mlinzi wa kitunda, imefungwa kama mbuzi kwenye kigingi.

Fundi anacheza malkia d5. Ombi ni lile lile, mraba ni mwingine. Weusi wakila, ngome inatua d5 na papo hapo inakishambulia b5, kwa hiyo ngome nyeusi inalazimika kwenda b8 kukilinda. Mfalme mweupe anatembea g2, f3, e4, na anafika kwa wakati kuishikilia ngome yake mfalme mweusi anapofika e6. Badala ya kula, Weusi wakijaribu ujanja wa ngome e1, ngome ya d1 inaila. Malkia mweusi akimla malkia wa d5 baada ya hapo, ngome inapanda e8 na mchezo umekwisha, kwa kuwa vitunda vyao vitatu vimemfungia mfalme wao ndani. Na wakikataa ombi, wakala a3? Malkia mweupe anakula b5 huku akiitisha ngome ya e8. Weupe bado wako mbele kwa kitunda kimoja, na sasa cha b kina njia wazi.

Ona kilichotokea. Ombi lenyewe lilikuwa silaha, hata bila kukubaliwa. Aliye nyuma hawezi kukubali kila ombi, kwa hiyo kila ukiomba kwenye mraba mzuri, yeye ndiye anayesogea pembeni na wewe unaketi katikati.

Kuna mzee mmoja tuliyecheza naye barazani aliyewatapeli vijana kwa jambo hili. Alipopungukiwa kitunda alishusha pumzi kama mtu aliyekata tamaa, kisha akamsogeza malkia wake abadilishwe. Kijana alifurahi na kula. Baadaye ndipo aligundua kuwa wamebaki na maaskofu wa rangi tofauti, na kitunda chake cha ziada hakiendi popote, kwa sababu askofu wa mzee amekaa kwenye rangi ambayo askofu wa kijana haifikii.

Mwenyewe nikiwa na malkia na farasi dhidi ya malkia na askofu, na mfalme wa adui amekosa ukuta wa vitunda, sibadilishi hata nikiombwa mara tatu. Sihitaji kuthibitisha. Malkia na farasi wanakamilishana, na hofu ya mpinzani ni mali yangu. Mfalme wangu akiwa ndiye aliye uchi, nabadilisha, hata kwenye mraba usionipendeza.

Zamani mchezo mrefu uliahirishwa usiku, hatua ikaandikwa na kufungwa ndani ya bahasha, nasi tukalala na ubao kichwani. Asubuhi swali la kwanza la mwalimu wangu halikuwa nani ana kitunda zaidi. Alikuwa akiweka kidole d5, anaondoa malkia wote wawili kwa mkono wa kushoto, na kuuliza, “Haya, ngome imebaki wapi?”