Kuipima WhatsApp Kwenye Simu Isiyo na Google

Mwaka 2019 Marekani iliibana Huawei, na kuanzia Mate 30 ya Septemba mwaka huo simu zake mpya zikawa zinatoka bila huduma za Google. Mnunuzi wa mpunga wa Msangano mwenye simu ya aina hiyo hakosi WhatsApp, anaipakua kutoka whatsapp.com/android. Kuipakua ni rahisi. Ubora huonekana simu inapolala.

Katika simu nyingine, Google hushika njia moja kwa ajili ya programu zote, na ujumbe ukifika huiamsha inayohusika. Hapa WhatsApp inashika njia yake yenyewe. Simu ikiikata ili kutunza chaji, ujumbe unabaki njiani.

Kipimo chake hakina gharama. Simu iwekwe mezani, kioo kimezimwa, haiko kwenye chaji, data imewashwa, iachwe saa nzima bila kuguswa. Kisha mtu aliyeko Tunduma atume: “Gunia ngapi leo?” Akiona tiki mbili papo hapo, simu imepokea. Ikibaki tiki moja, mwenye simu awashe kioo na kuifungua WhatsApp. Meseji zikimiminika ghafla, programu ilikuwa imelazwa. Zisipoingia hata WhatsApp ikiwa imefunguliwa, huenda tatizo ni mtandao, si mipangilio.

Iliyolazwa hurekebishwa kwenye Settings, Battery, App launch. WhatsApp iondolewe kwenye usimamizi wa simu wa moja kwa moja, na swichi zake tatu ziachwe zimewashwa, hasa Run in background. Chaji itapungua kidogo zaidi, lakini kwa anayesubiri bei ya mpunga hiyo ni hasara ndogo. Simu ikishasasishwa, kipimo kirudiwe.

Upande wa nakala ndiko wengi huumia. Bila Google Drive, kinachobaki ni faili ambalo WhatsApp hulitengeneza saa nane usiku na kuliweka ndani ya simu hiyo hiyo. Simu ikiibwa, nalo limekwenda. Kwa hiyo folda hii nzima inakiliwe kwenye kompyuta mara kwa mara:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp
```

Ndani yake, Databases ina maandishi na Media ina picha na sauti. Anayebeba Databases peke yake atarudisha mazungumzo yenye picha zisizofunguka.

Kwenye simu mpya, folda iwekwe mahali pale pale kabla ya kuthibitisha namba, na namba iwe ile ile ya zamani. Swali la Restore likitokea, likubaliwe. Asiyeliona aiondoe programu, arudishe folda, aanze upya. Ndiyo maana nakala ya kwenye kompyuta haifutwi hadi mazungumzo yaonekane.

Anayehama kutoka simu yenye Google asitegemee nakala ya Drive, kwa kuwa simu mpya haitaweza kuivuta. Aingie Chat backup kwenye simu ya zamani, abonyeze Back up, anakili folda, ndipo aiuze simu hiyo.