Fedha ya Januari, Kodi ya Juni

Kila tarehe 5 ninaweka mezani daftari la kodi, faili la risiti na taarifa ya benki, kisha naandika: "Shikamoo mama." Mama huyo yuko Maskati. Nyumba yake ya ghorofa, yenye apatimenti 8, iko Kinondoni, na mimi ndiye msimamizi wake. Ukurasa ninaomtumia ndio macho yake, kwa hiyo nisipouandika vizuri nimemfumba.

Dar es Salaam wapangaji wengi hulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na hapo ndipo kazi hii inapohitaji ufundi. Chukua Januari moja. Kila apatimenti ilikuwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Wapangaji watatu walilipa hadi Juni, zikaingia milioni 7.2. Wanne walikuwa wamelipa Oktoba, na zamu yao ingerudi Aprili. Apatimenti ya nane ilikuwa tupu. Msimamizi mvivu angeandika "Mapato: 7,200,000" na mama angefurahi. Februari na Machi angeandika sifuri, na mama angeshtuka. Furaha ile isingekuwa na msingi, na mshtuko pia, kwani nyumba ilikuwa ileile na watu walewale saba.

Kwa hiyo naandika mistari miwili. Wa kwanza ni fedha iliyoingia: 7,200,000. Wa pili ni kodi ya mwezi wenyewe, yaani wapangaji saba mara 400,000: 2,800,000. Chini yake naweka kodi iliyokwisha kupokelewa kwa miezi ambayo bado haijakaliwa: milioni 6 za wale watatu na milioni 3.2 za wale wanne, jumla milioni 9.2. Fedha hiyo inatakiwa ilipe mlinzi, gari la maji taka na fundi katika miezi ambayo hakuna atakayeleta kodi. Mama akiiona hivyo, hataniagiza nimtumie yote Januari, kisha Machi paa livuje tukose hata ya bati.

Sehemu ya pili ni matengenezo, na hapa niliwahi kukosea. Novemba iliyotangulia niliandika mstari mmoja tu: "Pampu, 400,000." Risiti ilikuwepo, 350,000 za pampu na 50,000 za fundi, na hesabu ilikuwa safi. Januari pampu ile mpya ikaungua, bei ileile. Nilipoziweka taarifa mbili pamoja ndipo nikaona kwamba kilichoandikwa ni gharama tu, chanzo hakikuandikwa. Tukafungua simtanki la chini. Boya linaloizima pampu maji yakiisha lilikuwa limekwama. Mgao wa maji ukifika, tangi linakauka, nayo pampu inaendelea kuzunguka bila maji hadi inaungua. Boya jipya lilikuwa 25,000.

Tangu siku hiyo kila tengenezo lina maneno manne kwenye taarifa yangu: kilichoharibika, chanzo chake, kilichofanyika, na bei ya kifaa mbali na bei ya fundi. Picha mbili hufuata, ya kabla na ya baada. Neno gumu ni chanzo, kwa sababu fundi hupenda kukuambia alichobadilisha, na wewe inabidi umuulize kwa nini kiliharibika.

Sehemu ya tatu ni nyumba tupu. "Bado haijapata mtu" si taarifa. Naandika imekaa tupu tangu lini, ni wangapi waliokuja kuiangalia, na waliikataa kwa nini. Apatimenti ile ya nane iko juu, na ilikuwa tupu tangu tarehe 1 Desemba. Januari madalali walileta watu watatu. Wawili walifungua bomba, hayakutoka maji, wakaondoka. Mpangaji wa zamani naye alihama kwa sababu hiyohiyo, Novemba, pampu ya kwanza ilipoungua. Kumbe matengenezo na utupu vilikuwa habari moja niliyokuwa nikiiandika katika safu mbili zisizosalimiana.

Nililiandika hilo waziwazi kwenye taarifa ya Januari, pamoja na kosa langu la Novemba, na nikaliweka juu kabisa, kabla ya zile milioni 7.2. Mama alijibu kwa sentensi moja: badilisheni boya.

Nawe uliye mbali na nyumba yako, usiisome taarifa ya mwezi peke yake. Iweke kando ya mbili zilizotangulia, utafute jina linalojirudia kwenye matengenezo, kisha utazame ni apatimenti ipi tupu iliyo karibu nalo. Ile ya kwetu ilipata mpangaji tarehe 1 Machi. Ilikuwa imepoteza kodi ya miezi mitatu, shilingi 1,200,000, kwa boya la 25,000.