Ufunguo Mmoja kwa Nia Moja ya Kulipa

Mkazi wa Mbagala, wilayani Temeke, akinunua umeme wa LUKU wa shilingi 10,000 kwa programu ya simu, huenda fedha zikatoka katika akaunti yake, kisha jibu la seva likapotea njiani kwa udhaifu wa mtandao. Naye, akiona hapana habari, akabonyeza tena, ilhali ombi la kwanza lilikwisha kutimizwa. Muda wa kusubiri ukiisha, basi, hatuna hoja ya kusema kwamba malipo yameshindikana. Tuna hoja ya kusema kwamba hatujui.

Ili mteja asidhulumiwe, kila ombi huambatanishwa na ufunguo wa pekee, na seva ikiupokea ufunguo ule ule mara ya pili, hurejesha jibu la mwanzo pasipo kutoza. Katika mfumo wa M-Pesa ya Vodacom, ombi hubeba alama `input_ThirdPartyConversationID`; ombi rudufu hujibiwa `INS-10` badala ya jibu la mwanzo, na lililopitwa na muda `INS-9`.

Hata hivyo, mteja huweza kutozwa mara mbili ingawa ufunguo upo, na daftari la malipo hueleza sababu. Tukikuta safu mbili zenye mita moja, kiasi kimoja na tofauti ya sekunde chache, lakini funguo mbalimbali, ni dalili kwamba ufunguo hutungwa wakati wa kutuma, hata kila jaribio likawa na wake, na seva ikayahesabu kuwa manunuzi mawili. Sharti utungwe mara mteja anapothibitisha ununuzi, uhifadhiwe katika simu kabla ya kutumwa, na majaribio yote yautumie huo huo.

Tukikuta ufunguo mmoja uliotozwa mara mbili, kosa liko kwenye seva: maombi mawili yaliwasili karibu sawia, kila moja likauliza kama ufunguo umekwisha kuandikwa, yote yakajibiwa la, yote yakatoza. Dawa yake ni kuuliza na kuandika kuwe tendo moja, kwa safuwima ya `ufunguo` iliyowekewa sharti la `UNIQUE`, na kuandikwe kabla ya fedha kuguswa:

```sql
INSERT INTO malipo (ufunguo, kiasi, hali)
VALUES ('a71', 10000, 'INASUBIRI')
ON CONFLICT (ufunguo) DO NOTHING;
```

Ombi lililofaulu kuandika ndilo litakalotoza. Lililokuta safu imekwisha kuwapo litasoma hali yake na kurejesha hiyo.

Hubakia shida moja: seva ikizimika baada ya kutoza na kabla ya kuandika matokeo, safu hudumu katika `INASUBIRI`. Hapo, kama ilivyo kwa `INS-9`, si halali kutunga ufunguo mpya. Wajibu ni kuiuliza kampuni ya simu hali ya muamala ule, na ufunguo mpya utolewe tu pale jibu la yakini litakapokuwa kwamba malipo hayakufanyika, au mteja mwenyewe atakapoanza ununuzi mwingine.