Hotuba ya "Hakuna mutu atapoteza kazi"

Wengi wetu tumesoma uongozi wa biashara, na siku moja tutaombwa kuandika hotuba ya direkta. Njo maana ninataka tuangalie pamoja hotuba moja. Kampuni mbili ndogo za usafiri, zinazobeba abiria kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, zimeungana, na direkta mpya aliita wafanyakazi wote ku garaje kuwaeleza mpango. Rafiki mmoja anayefanya kazi pale alinitumia odio yake. Nimeisikiliza mara mbili, tena na kalamu mkononi. Majina ya kampuni ninayaacha, kwa sababu si mtu ninayemtafuta. Ninatafuta maneno.

Nianze na uzuri wake. Direkta alisema Kiswahili, si Kifaransa cha ofisi. Mashofa, mafundi na wakata tiketi walimfuata, walicheka naye, na alipotaja wazee walioanza na basi moja tu watu walipiga makofi. Hiyo si kitu kidogo. Lakini sikilizeni vizuri mahali Kiswahili kinapomponyoka. Mazutu alisema mazutu, barabara alisema barabara. Pale alipofika kwenye mabadiliko yenyewe, ghafla ikawa "sinerji", ikawa "rasionalizasio ya saa za kuondoka". Mtu akibadilisha lugha kwenye neno moja tu, ujue neno lile ndilo linalomuuma. Na mashofa si wajinga. "Rasionalizasio" waliisikia kule walikotoka, na wanajua mwisho wake ni nini.

Sasa tuingie ndani. Sentensi iliyopigiwa makofi mengi ni hii: "Hakuna mutu atapoteza kazi." Direkta aliitoa kama zawadi. Lakini Kode ya Kazi ya Kongo, ya 2002, inasema kwamba mwajiri akibadilika kwa sababu ya muungano, mikataba iliyokuwepo inaendelea na mwajiri mpya. Kwa hiyo muungano wenyewe haukuweza kumfukuza mtu, hata direkta angenyamaza. Ahadi aliyotoa ilikuwa tayari mali ya wale waliomsikiliza. Angesema: "Mikataba yenu inaendelea na miaka yenu ya kazi inahesabiwa, sheria inasema hivyo, na mimi nitaifuata." Hapo angekuwa mkweli, na hakuna angepoteza kitu.

Ubaya mkubwa hauko hapo. Uko katika hesabu ambayo hotuba iliificha. Tuifanye polepole.

Tuchukue kila kampuni inatoa mabasi manne kwa siku kwenda Kolwezi, kila basi na viti 28. Yote mawili yanaondoka saa ile ile, na kila moja linaondoka na abiria 17 hivi, kwa sababu wanagawana watu wale wale wa steshoni. Hayo ni mabasi 8 na abiria 136. Mkiungana, abiria 136 wanaenea ndani ya mabasi 6, kila moja na watu 23 hivi, na bado viti vinabaki kwa wale wanaopanda njiani. Safari mbili zinakufa. Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni kama kilometa 300, na basi la aina ile linakula karibu litri 50 za mazutu. Safari mbili zikifa, litri 100 zinabaki kila siku kwa kwenda peke yake, pamoja na makuta ya peaje. Hii njo faida ya kweli ya muungano. Ile "sinerji" yote ni safari mbili zisizofanyika.

Direkta alitaja pia garaje moja badala ya mbili. Faida hiyo ni ndogo kuliko alivyoisifu. Kampuni ya kwanza inatumia Coaster, ya pili Rosa. Filta, breki na piesi nyingine nyingi haziingiliani. Unaweza kuondoa kodi ya kiwanja kimoja, ndiyo, lakini stoki ya piesi inabaki mbili chini ya paa moja.

Basi turudi kwa shofa. Pale kazini analipwa mshahara wa msingi pamoja na primu ya kila safari. Tuseme anapata dola 200 za msingi na dola 200 za primu kwa mwezi. Safari zikishuka kutoka 8 mpaka 6 na zikigawanywa sawa kwa wote, robo ya primu inakwenda. Anabaki na dola 350. Hakupoteza kazi, ni kweli kabisa. Amepoteza dola 50, pengine minervali ya mtoto mmoja. Ahadi ya direkta ilikuwa kweli, na bado ilidanganya, kwa sababu ilijibu swali ambalo sheria ilikuwa imekwisha kulijibu, ikaacha lile ambalo kila shofa alikuwa nalo kichwani.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba suluhisho halikuwa mbali. Primu ya kila safari ikiongezwa kwa theluthi moja, safari 6 zinalipa sawasawa na safari 8 za zamani. Shofa anarudi kwenye dola 400. Kampuni haiongezi hata franka moja kwenye primu za jumla, na bado inabaki na faida ya mazutu na ya peaje. Direkta angeweza kulisema kwa dakika mbili. Kama wenye mali walikataa, basi angesema wamekataa na kwa sababu gani. Shofa anaweza kupanga maisha yake na habari mbaya. Na makofi hawezi.

Mwisho wa odio kuna maswali. Fundi mmoja, kwa sauti ni mzee, aliuliza: "Papa Direkta, kuanzia lundi, boni ya piesi nani atasaini?" Watu walicheka. Direkta alijibu: "Mzee, hayo tutaona." Kwangu, hapo hotuba ilianguka. Lile lilikuwa swali la mkakati kuliko nguzo zote tano alizotaja. Boni isiposainiwa, basi linalala garaje, na kati ya mabasi 6 yanabaki 5, viti 140 kwa abiria 136. Lingine likilala, kuna watu wanaobaki steshoni. Mpango unaopunguza mabasi unahitaji garaje inayofanya kazi haraka kuliko zamani, na garaje haiwezi kukimbia kama haijui bosi wake ni nani.

Ninajua hakuna direkta anayekuwa na majibu yote siku ya kwanza. Lakini kuna namna ya kusema usilolijua: "Saini ya boni haijaamuliwa. Mpaka ijumaa, kila fundi aende kwa mkubwa wake wa zamani. Ijumaa saa nne jina litabandikwa mulangoni." Hiyo inatosha, kwa sababu ina tarehe na inasema mtu afanye nini wakati anangoja.

Kwa hiyo, siku utakapopewa kazi ya kuandika hotuba ya namna hii, anza na karatasi ya mshahara ya shofa mmoja. Andika anapata nini leo na atapata nini mwezi ujao. Ukishindwa kujaza mstari wa pili, usiandike hotuba bado. Rudi kwanza kwa waliokutuma, uwaulize.