Sekunde tisini za rambirambi

Katibu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana, hapa Temeke, ndiye anayeandika salamu za video pale msiba unapokuwa mbali. Nimemwona akiandika mara nyingi, na kazi yake naitambua kwa namna anavyokata maneno. Rasimu ya kwanza hujaza ukurasa. Inapofika mbele ya kamera imebaki aya chache fupi, na hakuna anayehisi kwamba kuna kitu kimepungua.

Nitaieleza moja. Mwanachama mwenzetu alifiwa na baba yake, fundi cherehani, na mwili ukasafirishwa kuzikwa Songea, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Kikundi kiliweza kupeleka wawakilishi wawili tu. Sisi tuliobaki tulitaka kuonekana na kusikika pale nyumbani kabla ya maziko, wakati wa salamu. Kwa familia ya Kiislamu katibu angepanga vingine, maana maziko hayasubiri, na video kama hiyo mara nyingi hufika watu wakiwa wamesharudi kutoka makaburini. Basi huandikwa kwa ajili ya wafiwa waliokaa nyumbani, bila kuzungumza kana kwamba jeneza liko mbele yao.

Kabla ya kuandika neno alipiga simu. Hakumpigia mfiwa, alimpigia shemeji yake. Aliuliza jina kamili la marehemu kama familia inavyolitamka, kama mjane yupo, nani mkubwa katika ukoo, na kama kuna jambo ambalo familia haitaki litajwe. Swali la mwisho ndilo linalookoa aibu. Chanzo cha kifo, kwa mfano, hakiweki kamwe kwenye maandishi yake, hata kama mtaa mzima unakijua. Akauliza pia kama marehemu ni baba mzazi au baba mdogo, si kwa sababu kilio kinapungua, bali kwa sababu ndugu waliokaa pale watasikia kosa hilo kabla ya kusikia jambo jingine lolote.

Kisha akaandika. Jina la marehemu nimeliondoa:

"Mama yetu, watoto, wazee na ndugu wote wa familia, poleni sana na msiba.

Sisi ni wanakikundi wenzake binti yenu. Tunazungumza nanyi kutoka Temeke. Tumepokea kwa majonzi habari za kuondokewa na baba yetu.

Mzee ndiye aliyetushonea sare. Kila gauni aliliachia kitambaa cha akiba kwenye mshono wa ubavuni, ili mwenyewe akinenepa asinunue jingine. Wengi wetu tumeshaifungua mishono ile, na sare tunazo mpaka leo.

Dada yetu, pole kwa kumpoteza baba. Zamu zako zote za mwezi huu tumeshazigawana. Kaa na mama.

Wenzetu wawili wako hapo msibani kwa niaba yetu sote.

Mwenyezi Mungu amlaze marehemu mahali pema, awape nyote nguvu na subira. Poleni sana."

Maneno hayafiki mia moja na ishirini. Kwa usomaji wa taratibu, pamoja na kimya kifupi kati ya aya, ni kama dakika moja na nusu. Mjane ametangulia kutajwa, na kikundi kimejitambulisha kwa uhusiano wake na binti wa nyumba ile. Jina la usajili, mwaka wa kuanzishwa na orodha ya viongozi havimo. Wala hamna ule mlolongo wa itifaki ambao wasemaji wetu huubeba mpaka msibani. Kiasi cha rambirambi nacho hakimo. Hicho mhazini alikiandika kwenye bahasha, na mwakilishi akamkabidhi msemaji wa familia.

Aya ya sare ndiyo moyo wa kazi. Rasimu ya kwanza ilisema mzee alikuwa mtu wa watu, mpole na mchapakazi. Katibu aliyafuta yote matatu, kwa sababu yangeweza kusemwa juu ya marehemu yeyote na watu wasiomjua. Mshono wa ubavuni ni yule fundi peke yake aliyetuachia. Unaonyesha upole na uchapakazi bila kuvitaja, na watu waliokaa Songea wanapata habari ya baba yao ambayo huenda hawakuwahi kuisikia, kwamba huku mjini watu bado wanavaa kazi ya mikono yake. Katibu alikuwa na visa vingine viwili, vizuri pia. Akaviacha, akisema vingegeuza salamu kuwa hotuba, na hotuba ni haki ya familia.

Ninaistahi zaidi aya inayomhusu dada yetu. Vikundi vingi huahidi kuwa pamoja na mfiwa kwa hali na mali. Katibu haandiki ahadi ambayo haijatekelezwa. Alipoandika kwamba zamu zimeshagawanywa, zilikuwa zimegawanywa kweli jioni ile, majina yakiwa yameandikwa kwenye daftari. Kwa hiyo "kaa na mama" likawa neno ambalo dada yetu angeweza kulifuata.

Katibu aliijaribu salamu hiyo kwa kumpa mwenyekiti, ambaye ndiye msomaji, aisome kwa sauti akiwa amesimama. Mwenyekiti alivuta pumzi katikati ya sentensi moja ya rasimu, na katibu akaipasua ikawa mbili. Hiyo ndiyo dalili anayoitegemea: mwenye huzuni hana pumzi ndefu, na sentensi inayomshinda mtu aliyetulia itamvunja sauti mbele ya kamera. Maandishi yalichapwa kwa herufi kubwa, karatasi ikashikwa karibu kabisa na simu inayorekodi, ili macho yawatazame wasikilizaji. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyesema, wengine tukasimama nyuma yake. Feni ilizimwa. Muziki wa huzuni haukuwekwa, kwa kuwa pale msibani kuna kwaya, na nyimbo mbili hugombana. Sekunde chache za kimya ziliachwa mwanzo na mwisho, ili anayebonyeza asikate neno la kwanza.

Faili ilitumwa WhatsApp kama hati, maana ikitumwa kama video ya kawaida hubanwa, na sauti na picha hupungua ubora. Mwakilishi mmoja aliibeba pia kwenye flashi, kwa kuwa huko mtandao si wa kutegemea, na mwenye spika msibani mara nyingi huwa na kompyuta tu.

Kazi hii ina mpaka wake. Video haimfuti mtu machozi wala haichoti maji, na kwa msiba ulio mtaa wa pili katibu hukataa kuiandika. Huwaambia watu wachukue mkeka waende wakakae.

Kama wewe ndiye katibu na kazi hii imekuangukia, usianze na sentensi ya kwanza. Andika jina kamili la marehemu kwenye karatasi, mpigie ndugu mmoja wa mfiwa alihakikishe, kisha muulize ni jambo gani familia haitaki litajwe.