Watu mia kwenye karatasi moja

Mtu anayejiunga na bima kwa simu kwa mara ya kwanza huwa na swali moja kubwa: nisipougua, pesa yangu inarudi? Wakala mwenye haraka hulipita. Mchoraji ninayetaka kumsifu hapa, dada mmoja wa Dar es Salaam, alilifanya kuwa kiini cha kazi yake yote.

Alipewa kazi ya kuchora maelezo ya bima ya kulazwa kwenye ukurasa mmoja. Mteja anakatwa kiasi kidogo kila mwezi kwenye akaunti ya pesa ya simu yake, na akilazwa hospitali analipwa kiasi maalumu kwa kila usiku. Kwanza alichora sarafu zikidondoka ndani ya kibubu. Picha ilivutia. Akampelekea mama lishe aitazame, kisha akamwomba aieleze kama anavyomweleza jirani. Mama akasema, "Hapa unaweka kidogo kidogo, mwanangu, Desemba unavunja." Kwa jibu hilo mchoro ule ulikuwa umekufa. Kibubu ni akiba, na mwenye akiba hurudi kuidai.

Badala yake akafuata kitu ambacho watu wanakijua tayari, chama cha kufa na kuzikana. Humo kila mwanachama anachanga, aliyefikwa na msiba anapewa, na asiyefikwa hadai mchango wake. Akachora vichwa vya watu 100, safu kumi za watu kumi kumi, kila mmoja ametoa shilingi 1,000. Jumla ni 100,000. Mwezi huo wawili wamelazwa, kila mmoja usiku tatu, na kila usiku unalipwa 10,000. Kwa hiyo kila mmoja wao anapata 30,000, na 60,000 zimetoka. Watu wale wawili amewajaza wino mweusi na wengine 98 amewaacha wazi, kwa sababu anajua karatasi itatolewa kopi isiyo na rangi na picha itasambazwa kwa WhatsApp, isomwe kwenye kioo cha simu ndogo. Rangi nyekundu na kijani zingepotea njiani.

Jambo lililonivutia zaidi ni zile 40,000 zilizobaki. Angeweza kuziacha zisionekane. Yeye amezichora kando kwa ukubwa uleule wa noti, na maelezo mafupi: gharama za kampuni, malipo ya mtandao wa simu na wakala, na akiba ya mwezi ambao wagonjwa watakuwa watano. Msomaji anayeona hesabu imefungwa mpaka shilingi ya mwisho haulizi tena nani amekula pesa yake.

Kisha kuna muda wa kusubiri. Kwenye bima hii malipo yanaanza baada ya siku 30 tangu kujiunga, ili watu wasijiunge wakiwa tayari njiani kwenda wodini. Katika matangazo mengi jambo hili hujificha chini kabisa, kwenye ile sentensi ya vigezo na masharti kuzingatiwa. Huyu amechora visanduku 30 kama kalenda, akamlaza mtu kitandani kwenye kisanduku cha 12, na juu yake ameandika "Halipwi". Mtu mwingine amelazwa siku ya 35: "Analipwa". Hakuna sentensi ndefu pale, na hakuna aliyeonyeshwa mchoro huo akakosea.

Sehemu ya kudai ndiyo aliyoirudia mara nyingi. Mwanzoni ilikuwa mishale tu: hospitali, simu, pesa. Lakini madai huweza kukwama kwenye jina. Laini imesajiliwa kwa jina la kaka, cheti cha kuruhusiwa kutoka hospitali kina jina la mgonjwa, na mfumo unaona watu wawili tofauti. Kwa hiyo ameweka cheti na kitambulisho kilichosajilia laini ubavu kwa ubavu, jina limezungushiwa duara kwenye vyote viwili, na duara hizo zimeunganishwa kwa mstari mmoja. Chini yake kuna salio la akaunti ya pesa ya simu likiwa sifuri siku ya makato na neno moja, "Imesimama", kwa sababu mwezi usiolipiwa hauna bima.

Alama ya mwavuli ambayo kampuni iliipenda ameiondoa. Waliooneshwa walidhani ni bima ya mvua na mazao.

Wewe unayeagiza mchoro wa namna hii, mkabidhi mchoraji mkataba mzima wa bima kabla ya nembo na rangi za kampuni, na umruhusu auchore pamoja na siku ambazo mteja halipwi.